Mvumo mpya wa moyo siku ya nne baada ya mshtuko: ukuta umetoboka au msuli wa vali umekatika?

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo ana siku nne wodini, maumivu ya kifua yameisha, ndugu wanaulizia ataruhusiwa lini, alaf alfajiri sista anakuita mbio manake mgonjwa hahemi vizuri na presha imeanguka, unaweka stetoskopu kifuani unasikia mvumo, fwuush ambayo jana haikuwepo. Hapo una mambo mawili makubwa kichwani. Ama ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo umetoboka, ama msuli mdogo unaoshikilia vali ya maitro umekatika. Yote mawili yanaua haraka na yote mawili dawa peke yake haiyatibu, ila hayafanani kwa sauti, hayafanani kwa jinsi mgonjwa anavyokaa kitandani, na kubwa kuliko yote hayafanani kwenye swali la mgonjwa apasuliwe leo au asubiri.

Naandika hii kwa wenzangu walioko hospitali za wilaya na mikoa, ambako eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ipo siku mbili kwa wiki au haipo kabisa, na kwa mainteni wanaobaki peke yao usiku. Ndugu wa mgonjwa mkisoma pia ni sawa, nitajitahidi kueleza.

Nini kinatokea kwenye nyama ya moyo

Mshipa wa koronari ukiziba, nyama iliyokuwa inalishwa nao inakufa, ila haigeuki kovu siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo chembe nyeupe za damu zinaingia kusafisha nyama iliyokufa, na kuanzia siku ya tatu hadi ya tano hivi sehemu ile inakuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, huku moyo unaendelea kusukuma kwa presha ile ile. Kovu gumu linakuja baadaye, baada ya wiki kadhaa. Ndo maana matatizo haya yanapenda wiki ya kwanza, ingawa kuna kundi jingine linapasuka mapema kabisa, ndani ya masaa 24 ya kwanza, hasa kwa tobo la ukuta. Kwahiyo mgonjwa aliyefika jana usiku na leo asubuhi ana mvumo mpya, usimwambie sista kwamba bado mapema.

Kabla ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, tobo la ukuta lilikuwa linaonekana kwa mgonjwa 1 hadi 2 katika kila 100 wenye mshtuko. Kwenye utafiti mkubwa wa GUSTO-I wa miaka ya 90, ambapo wagonjwa zaidi ya 41,000 walipewa dawa hizo, ilishuka hadi 0.2 kwa mia. Sasa kwetu wengi wanafika siku ya pili au ya tatu, wameshakunywa dawa za vidonda vya tumbo na tangawizi, mshipa haujafunguliwa na mtu yeyote, kwahiyo mimi naamini tuko karibu zaidi na ile hesabu ya zamani kuliko hii mpya.

Wanaopasuka kwa kawaida ni wazee, kinamama ni wengi, na mara nyingi ndo mshtuko wao wa kwanza. Mtu mwenye historia ndefu ya maumivu ya kifua ana afadhali kidogo upande huu, kwa sababu moyo wake umeshajitengenezea vijishipa vya pembeni vya kusaidia, ila aliyezibwa ghafla bila maandalizi nyama yote inakufa kutoka ndani mpaka nje.

Vigezo nitakavyotumia

Nitauliza maswali yale yale kwa kila upande: mshtuko ulikuwa wa sehemu gani ya moyo, sauti ikoje na inasikika wapi, mkono ukiuweka kifuani unahisi nini, mapafu na mishipa ya shingo vinasemaje, eko inaonyesha nini, na mwisho haraka ya upasuaji ikoje na inamfaa nani. Hakuna kigezo kimoja hapo kinachotosha peke yake, nitaonyesha kwanini.

Upande wa kwanza: tobo la ukuta wa kati

Linaweza kutokea kwenye mshtuko wa mbele ya moyo au wa chini. Ukiwa wa mbele, tobo linakuwa kwenye ncha ya moyo na kwa kawaida ni tundu la moja kwa moja, limeingia huku limetokea kule. Ukiwa wa chini, tobo linakuwa karibu na mzizi wa moyo, nyuma, na linapita kwenye nyama kwa kona kona kama njia ya panya, na mara nyingi chumba cha chini cha kulia nacho kimeumia. Huyu wa pili ana hali mbaya zaidi na daktari wa upasuaji anapata tabu zaidi kumshona.

Sauti yake ni kubwa na ya kukwaruza, inaanza na mpigo wa kwanza na kuendelea mpaka wa pili bila kupumzika, unaisikia vizuri chini pembeni mwa mfupa wa kifua upande wa kushoto. Weka kiganja hapo, zaidi ya nusu ya hawa utahisi mtetemo, kama paka anayekoroma chini ya mkono. Angalizo moja, tobo likiwa kwenye ncha ya moyo sauti inaweza kuwa kubwa zaidi pale kwenye ncha na ukadhani ni vali ya maitro, kwahiyo mahali peke yake pasikufunge akili.

Mapafu na shingo sasa. Damu inatoka kushoto kwenye presha kubwa inaingia kulia, chumba cha kulia kinalemewa, mishipa ya shingo inajaa, ini linauma ukiligusa. Mapafu yanaweza kuwa na maji lakini mara nyingi siyo yale ya kufurika, na cha kushangaza wengi wao wanaweza kulala chali, wamechoka, mikono ya baridi, mkojo umepungua, ila wamelala. Kinachowaumiza ni damu inayozunguka bure kati ya moyo na mapafu wakati figo na ubongo vinakosa.

Kwenye eko ya rangi unaona mkondo unavuka ukuta kutoka kushoto kwenda kulia. Ila lazima aliyeshika kifaa aupitie ukuta mzima kwa kuinamisha kifaa huku na huku, kwa sababu tundu la nyuma karibu na mzizi linajificha kabisa ukibaki kwenye picha za kawaida tu. Nimeshaona majibu ya eko yanasema vali zote nzima na mgonjwa anatetema chini ya mkono. Hapo unaamini mkono wako na kuomba eko irudiwe.

Bila upasuaji wengi sana wanafariki, zaidi ya 9 kati ya 10. Na upasuaji wenyewe mgumu, kwa sababu unashona nyuzi kwenye nyama laini ambayo haishiki uzi. Lini umpasue ndo swali linalosumbua, nitalirudia chini.

Upande wa pili: msuli wa vali uliokatika

Vali ya maitro ina vipeo viwili, vimefungwa kwa nyuzi kwenye misuli miwili inayotoka ukutani mwa chumba cha chini cha kushoto. Fikiria tanga la ngalawa: tanga lenyewe zima, kamba nzima, ila kigingi ulichofungia kamba kimeng'oka. Tanga linapigapiga tu, upepo wote unapita. Kila moyo ukibana, damu badala ya kwenda mbele inarudi kwenye chumba cha juu na kutoka hapo mapafuni.

Kati ya misuli hiyo miwili, wa mbele unalishwa na mishipa miwili, wa nyuma kwa watu wengi unalishwa na mmoja tu. Ndo maana wa nyuma ndo unakatika mara nyingi zaidi, na ndo maana tatizo hili linafuata zaidi mshtuko wa chini ya moyo. Na sikiliza hii kwa makini, mshtuko wenyewe unaweza kuwa mdogo tu. Karatasi ya umeme wa moyo ikaonyesha mabadiliko kidogo kwenye II, III na aVF, yale maeneo yanayotazama chini ya moyo, ukamwona mgonjwa ni mwepesi, kumbe eneo dogo lililokufa ndo lile lililoshika kigingi.

Sauti ndo inayodanganya watu. Wengi tumefundishwa vali ikivuja sana mvumo unakuwa mkubwa, na kwa vali iliyovuja taratibu miaka mingi mara nyingi ni kweli, lakini hapa inaweza kuwa kinyume kabisa. Mvumo unatokana na tofauti ya presha kati ya vyumba viwili wakati moyo unabana. Kwenye tobo la ukuta, kushoto kuna presha tuseme 100, kulia kuna 30 au 40, tofauti ipo mwanzo mpaka mwisho wa mbano kwahiyo kelele ni kubwa na ndefu. Kwenye msuli uliokatika, damu inaingia ghafla kwenye chumba cha juu ambacho ni kidogo na hakijawahi kuzoea kutanuka, presha ya humo inapanda ghafla mpaka 50 au 60, na huku presha ya mgonjwa imeshashuka hadi 85. Katikati ya mbano vyumba vimeanza kulingana, kelele inakufa. Unasikia mvumo mfupi, laini, unaofifia kabla ya mpigo wa pili, kwenye ncha ya moyo kuelekea kwapani au wakati mwingine kuelekea juu kifuani, na kwa wagonjwa wengi tu, karibu nusu kwa baadhi ya ripoti, husikii kitu. Juu yake mapafu yanachemka kama sufuria, mgonjwa anahema mara 40 kwa dakika, wewe utasikia nini hapo.

Mtetemo kwenye kiganja, nadra. Ukiupata, fikiria tena ukuta.

Mapafu ndo yanayoongea kwa huyu. Yamefurika ghafla, povu la rangi ya waridi, mgonjwa amekaa ameshika kingo za kitanda na hakubali kulala hata ukimwomba. Kama mshtuko ulikuwa mdogo, mapafu yamefurika ghafla, alaf mvumo hamna, hiyo isikutulize, hiyo ndo ikuogopeshe.

Eko yake kuna vitu viwili. Kwanza kipeo cha vali kinaruka kwenda chumba cha juu, na ukibahatika unaona kipande cha msuli kimening'inia kwenye nyuzi kinacheza kuingia na kutoka. Pili, chumba cha chini cha kushoto kinabana kwa nguvu kuliko ulivyotegemea kwa mtu aliye kwenye shoku, yaani presha imeanguka na viungo vinakosa damu. Hicho cha pili hata eko ndogo ya mkononi inakionyesha. Mtu mwenye shoku baada ya mshtuko wa moyo unategemea moyo umechoka, haubani. Ukiuona unabana kwa nguvu na mtu anakufa, jua damu inaenda mahali pengine. Kifua kikiwa kigumu kuonekana, eko ya kupitia kooni inamaliza ubishi, ila kwa mgonjwa anayehema vile ni ya kufanywa na watu wenye uzoefu na mara nyingi akiwa ameshawekewa mashine ya kupumua.

Upasuaji hapa hausubiri. Ukiwa umekatika kabisa, makadirio ya miaka mingi ni kwamba karibu nusu wanafariki ndani ya masaa 24 wasipopasuliwa. Kwa wengi vali inabadilishwa nzima, wachache inarekebishwa. Na habari njema ni kwamba aliyevuka chumba cha upasuaji anaweza kuishi vizuri miaka mingi, kwa sababu moyo wenyewe haukuharibika sana.

Kuna wengine wanaoingilia kati

Sitakaa sana hapa. Wa kwanza ni vali inayovuja kwa sababu moyo umetanuka au ukuta uliokufa umevuta msuli pembeni, msuli mzima haujakatika. Huyu anakuja taratibu, mvumo unapanda na kushuka kadri ya presha, anaitikia dawa, na hana dharura ile. Wa pili ni mkwaruzo wa mfuko wa moyo, siku ya pili hadi ya nne, unasikika kama viatu vya ngozi mpya, upo wakati moyo unabana na wakati unalegea, na maumivu yanapungua akiinama mbele.

Wa tatu ni wa kwetu sana, vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mama wa miaka 60 anaweza kuwa amebeba mvumo wa maitro miaka 40 bila kujua. Ukiusikia siku ya nne, utajuaje ni mpya? Utajua tu kama mtu aliyempokea siku ya kwanza alisikiliza na kuandika. Neno "mpya" lote linategemea mstari mmoja kwenye faili. Naomba sana, siku ya kupokea andika "hakuna mvumo" au "upo, kwenye ncha, wa kiasi hiki", na kila raundi rudia. Kuandika "moyo kawaida" hakumsaidii wa zamu ya usiku.

Na ukuta wa nje ukipasuka, huyo kwa kawaida hana mvumo kabisa, damu inajaa kwenye mfuko wa moyo, anazimika mbele yako. Nimemtaja ili ujue mvumo kukosekana hakufuti kila kitu.

Yule mama, saa kwa saa

Mama wa miaka 67, ana kisukari, aliletwa na mwanae wa kiume, siku ya pili tangu kifua na juu ya tumbo vianze kuuma. Alishachelewa dawa ya kuyeyusha damu, akapewa aspirini, klopidogreli, heparini na statini. Mabadiliko madogo kwenye II, III na aVF. Nilimpokea mimi, niliandika hakuna mvumo. Siku mbili alikuwa vizuri, anakula uji wake, ananiita mwanangu.

Siku ya nne, saa 11 alfajiri, akakaa ghafla kitandani anasema "mwanangu nazama". Presha 86 kwa 60, mapigo 124, oksijeni 81. Mapafu yanachemka mpaka juu mabegani. Mwenzangu wa zamu alisikiliza akasema hasikii mvumo, mi nikasikiliza nikapata kitu kidogo, fuu fupi kwenye ncha, sikuwa na uhakika kabisa. Kiganja, hamna mtetemo. Nilipomwomba alale kidogo nimwangalie shingo alinisukuma mkono.

Sasa pima na vigezo. Mshtuko wa chini, mdogo. Mvumo hafifu. Hamna mtetemo. Mapafu yamefurika kwa dakika, hawezi kulala. Vyote vinaelekea upande wa msuli. Tulikuwa na eko ndogo ya mkononi, haina rangi nzuri, lakini chumba cha kushoto kilikuwa kinabana kwa nguvu kama cha kijana. Nikaacha kubishana na stetoskopu.

Tulimwacha amekaa, oksijeni ya nguvu kwa barakoa ya kubana, furosemaidi miligramu 80 kwenye mshipa, dobutamini kwa pampu taratibu. Presha ilipopanda hadi 104 tukaanza nitroglisirini kidogo kidogo, manake ukilegeza mishipa ya mwili damu inaona njia ya mbele ni rahisi kuliko ya kurudi nyuma. Hili watu wengi linawapa shida kulikubali, mtu presha iko chini unampaje dawa ya kushusha? Ndo maana tunasubiri ipande kwanza na dozi ni ndogo, mkono kwenye pampu, na ikishuka chini ya 90 unasimamisha. Tulichokwepa ni kumjazia maji, na kumpa noradrenalini kubwa peke yake, kwa sababu ukibana mishipa ya mwili unaongeza damu inayorudi mapafuni. Wakati mwingine huna jinsi, presha ikiwa 60 lazima uipandishe, ila ujue unalipa nini.

Simu ilipigwa saa 12 kasoro, kabla ya eko kubwa, kabla ya majibu yoyote ya damu. Alifika kituo cha moyo mchana, eko ya kooni ikaonyesha kipande cha msuli wa nyuma kinaelea, akaingia upasuaji jioni ile ile, vali ikabadilishwa. Alikaa na mashine ya kupumua siku tano. Alitoka.

Nimlinganishe na mzee mmoja mwenye mshtuko wa mbele, siku ya tatu. Mvumo wake mwanafunzi aliusikia bila shida, mkono ulitetema, mzee amelala chali anaongea, presha 98 kwa 70, mishipa ya shingo imejaa mpaka chini ya sikio. Tundu la milimita 13 kwenye ncha. Kwa kumwangalia tu ungesema huyu mzima kuliko yule mama. Alishikiliwa kwa dawa wakisubiri nyama ikomae, siku ya tisa figo zikaanza kugoma, wakampasua siku hiyo hiyo bila kusubiri tena, akafariki usiku wa pili baada ya upasuaji. Kuonekana mtulivu hakukumaanisha ana muda mwingi.

Upasuaji: leo au kusubiri

Kwa msuli uliokatika hakuna mjadala mrefu, anapasuliwa haraka iwezekanavyo kama anaweza kuvumilia upasuaji. Kinachosubiriwa ni usafiri na chumba tu.

Kwa tobo la ukuta kuna njia tatu na kila moja ina mtu wake.

Kupasua mara moja kunamfaa aliye kwenye shoku au anayeelekea huko, mkojo unapungua, kichwa kinachanganyikiwa, miguu baridi. Huyu hatafika wiki ya pili hata ukimsubirisha. Gharama yake ni nyama laini, viraka vinaachia, tundu linarudi.

Kusubiri wiki moja au zaidi kunamfaa aliye imara kweli kweli, presha inasimama yenyewe, figo zinafanya kazi, mapafu yanaitikia furosemaidi. Kwa Marekani, takwimu za chama cha madaktari wapasuaji wa kifua zilizochapishwa 2012, wagonjwa 2,876, waliopasuliwa ndani ya siku 7 walifariki 54 kwa mia, waliopasuliwa baada ya siku 7 walifariki 18 kwa mia. Usiisome hiyo ukasema basi wote wasubiri. Waliofika siku ya nane ni wale waliokuwa na nguvu ya kufika, wabaya zaidi walishafariki au walishapasuliwa mapema. Na tundu lenyewe linaweza kutanuka ghafla wakati unasubiri, kwahiyo kusubiri kunafanyikia kwenye wodi ya uangalizi maalumu karibu na chumba cha upasuaji, ikiwezekana na baluni ya aota ya kuusaidia moyo. Kusubiri kwenye wodi ya kawaida kilomita 400 kutoka kwa mpasuaji hakupo kwenye hizo takwimu.

Kuziba kwa kifaa kupitia mshipa wa paja kunamfaa mwenye tundu dogo, chini ya milimita 15 hivi, lenye kingo zilizoanza kukomaa, au yule aliyebaki na tundu baada ya kushonwa, au ambaye mwili wake hauwezi kufunguliwa kifua. Tundu la kona kona karibu na mzizi kifaa hakikai vizuri, na siku za mwanzo kingo laini zinaweza kuachia kifaa.

Ukiwa hapo ulipo

Kama una mvumo mkubwa na mtetemo, mgonjwa amelala chali, shingo imejaa: mchukulie kama tobo la ukuta hadi eko iseme vingine, na usafirishe leo hata kama anaongea vizuri, maamuzi ya kusubiri yakafanyikie kule.

Kama mapafu yamefurika ghafla siku ya pili hadi ya saba, mshtuko ulikuwa wa chini, mvumo hafifu au hamna: mchukulie kama msuli umekatika. Usisubiri mvumo ukue. Kwa huyu hesabu ni masaa.

Kama una mvumo lakini presha, mapigo na kuhema havijabadilika tangu jana: kagua faili la siku ya kwanza, sikiliza akiinama mbele, omba eko ndani ya siku hiyo, na mpime kila saa mpaka ifanyike.

Kama una eko ndogo tu: angalia moyo unabana vipi, na kama kuna maji kwenye mfuko wa moyo. Vitu viwili hivyo vinatosha kupiga simu.

Kama mgonjwa ana umri mkubwa sana, figo zimeshakufa, hajitambui: zungumza na familia ukweli kabla ya kumpakia kwenye gari masaa nane. Kuna familia zitachagua abaki, apewe mofini ya kupunguza kukosa pumzi, na watoto wawe karibu. Huo nao ni uamuzi wa kitabibu na unastahili kuandikwa na kuheshimiwa.

Na kwa wote, kabla hujaita gari muulize mpasuaji kuhusu klopidogreli na heparini, usiongeze dozi wala kusimamisha kwa kujiamulia. Vituo vya kupasua moyo kwetu vinahesabika, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar, hospitali kubwa za Nairobi, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, kwahiyo namba iwe imeshabandikwa ukutani zamu ya mchana. Ukipiga usianze na historia ndefu ya kisukari. Anza hivi: "Daktari, nina mama wa miaka 67, siku ya nne baada ya mshtuko wa chini, alfajiri hii mapafu yamefurika, presha 86, mvumo mpya hafifu kwenye ncha, siku ya kwanza haukuwepo na umeandikwa, moyo unabana kwa nguvu, nahisi msuli wa maitro umekatika, nahitaji chumba cha upasuaji leo."

Simu yangu ya alfajiri ile ilichukua dakika mbili na nusu, na swali la kwanza nililoulizwa upande wa pili lilikuwa siku ya kwanza ulisikiliza?